Faida Iliyofika Dari

Duka letu la Ishiara lilikuwa linauza. Siku ya soko watu walijaa hadi mlangoni, na kila mche wa sabuni niliouza ulikuwa na faida yake. Hata hivyo, kila mara mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi, mimi nilijificha stoo, maana sikuwa na kitu.

Siku moja alipoondoka, mke wangu alinifuata humo. Kwa kuwa hasira zangu ziko karibu, nikamuuliza pesa za duka anazipeleka wapi.

"Baba watoto, umeziegemea," akasema.

Nikageuka. Mgongoni mwangu katoni za sabuni zilikuwa zimefika dari. Kila nilipokwenda kununua kwa jumla kule Makutano, niliambiwa nikichukua katoni kumi nitapunguziwa bei. Nilichukua kumi, na sisi tulikuwa tunauza tatu kwa mwezi. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

"Faida tunapata kweli," akasema, "lakini wewe unaigeuza kuwa sabuni kabla hatujalipa kodi. Sasa kampe mwenye nyumba sabuni."

Niliudhika sana, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini.

Tuliuza zile katoni polepole. Baada ya hapo tulitenga kodi kwanza, nami nikawa nanunua katoni tatu tu, kwa bei ya juu kidogo. Faida ilipungua. Lakini mwenye nyumba alipopiga hodi, nilimfungulia mimi mwenyewe.