Barua Niliyoiwekea Jina Langu

Tulikuwa wawili katika biro, ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti hapa Kalemie. Mimi nilikuwa wa zamani. Mwenzangu, dada aliyetoka Kirungu, alikuwa na miezi mitano tu, na tayari Papa mwenye biro alimsifu kila asubuhi. Nilikuwa nahesabu sifa hizo.

Mteja wangu alikuwa Mama mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa. Kurasa zake nilikwisha kuzipanga, ila mahali pa picha palibaki visanduku vya kijivu. Nilimwandikia mara tatu: "Tafadhali tuma vifaa vinavyohitajika." Alinijibu mara moja tu, kwa picha ya kibao cha mlangoni iliyopigwa kwa simu. Alidhani hiyo njo logo, nembo ya nyumba yake.

Papa akamwambia dada, "Umwandikie wewe. Pengine atakusikia." Mimi nilikuwa nimekaa palepale.

Aliandika, kisha akanipa nihakikishe kabla ya kutuma:

"Mama, kazi imesimama kwa sababu ya vitu vitatu. Kwanza logo: muombe aliyekuchorea atupe faili yake yenyewe, maana picha ya kibao ikikuzwa inafifia. Pili, picha za vyumba, za meza ya chakula na za ziwa linavyoonekana kutoka barazani. Kwenye WhatsApp uzitume kama dokima, yaani faili, si kama picha za kawaida, zisipungue ubora. Tatu, maneno: nyumba ilianzaje, vyumba viko vya namna gani, wageni wakupate wapi. Kama kuandika ni kazi, sema tu kwa sauti. Sisi tutaandika, nawe utasoma kwanza. Tukivipata Ijumaa, juma linalofuata tutakuonyesha tovuti."

Nilitafuta kosa, nikakosa. Nikafuta jina lake, nikaweka langu, nikatuma.

Jumatano vitu vyote vikafika, pamoja na sauti ya Mama ya dakika kumi na moja. Alhamisi akaja mwenyewe.

"Nani aliandika ile barua?" aliuliza. "Mimi sikusoma sana. Nilikuwa naona haya kuwaambia. Pale aliposema niseme kwa sauti, nilipumua."

Dada aligeuka akanitazama. Nilikuwa na jibu mdomoni, na lingepita bila shida, kwa kuwa jina lilikuwa langu. Lakini Mama alikuwa akingoja na uso wa muntu aliyetuliwa mzigo, nikashindwa.

"Ni yeye, Mama. Mimi niliweka jina tu."

Mama alivuta kiti hadi kwenye meza ya dada. Walizungumza hadi saa sita, wakicheka, na mimi nikapachika logo peke yangu.

Mama alipoondoka, dada aliniuliza kwa nini nilifuta jina lake. Nikamwambia ukweli: wivu. Akasema, "Ungeniambia, tungeweka majina mawili." Akarudi kwenye kazi yake.

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Hata wema wake niliuonea wivu.