Barua ya Pili kwa Wenye Mtihani

Nilikuwa na miaka arubaini na miwili nilipofanya mtihani wa Kiingereza mbele ya kompyuta, chumbani kwangu, mtaa wa Satellite, Nairobi. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nikifundisha watoto madrasa moja katikati ya jiji, na mitihani ilikuwa kitu ninachotunga mimi, wakafanya wengine. Ila kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta wakalimani wa Kiswahili na Kiingereza wa kufanya kazi kwa simu, mtu akiwa kwake nyumbani. Mahojiano yalikwenda vizuri. Wakanipa sharti moja tu: niwapelekee cheti cha Kiingereza kabla mwezi haujakwisha.

Nikajiandikisha kwa kampuni inayotahini watu kupitia mtandao. Niliomba msimamizi mwanamke kwa sababu ya hijabu, maana sheria yao inataka waone masikio, wahakikishe hujaficha kitu cha kukunong'onezea majibu. Siku ilipofika, dada mmoja mwenye sauti ya upole akaniambia nizungushe kamera chumba kizima, ukutani, mezani, chini ya meza. Nikafungua mtandio kidogo, nikamwonyesha masikio, nikaufunga tena, nikavaa hedifoni juu yake. Akanikumbusha: nisiinuke, nisitoke mbele ya kamera mpaka nimalize. Baada ya hapo sikumsikia tena, ila yeye alikuwa ananiona.

Sehemu ya kusoma nilimaliza salama. Katika sehemu ya kusikiliza, mwanamume mmoja alikuwa anaeleza jinsi nyuki wanavyohama mzinga, na katikati ya sentensi akanyamaza. Hedifoni zikawa kimya kabisa, hata nikasikia adhana ya adhuhuri kutoka msikiti wa upande wa pili wa barabara. Kwenye kioo cha kompyuta, maswali hayakusogea. Nikamwandikia msimamizi pale kwenye kisanduku cha ujumbe: "Sauti imekatika." Akajibu: "Tafadhali subiri, naangalia."

Nikasubiri. Adhana ikaisha. Nikaandika tena, sikujibiwa. Taa ilikuwa inawaka, kwa hivyo stima ipo. Nikawaza labda ni intaneti ya hapa nyumbani, na hapo ndipo nilipokosea: nikainuka, nikaenda sebuleni kutazama ruta, kile kifaa kinachotuletea intaneti. Taa zake zote zilikuwa kijani. Niliporudi, mtihani ulikuwa umefungwa na maandishi yanasema kikao kimekatishwa.

Barua ya kwanza niliiandika saa ile ile. Niliwaambia mtandao wao ni mbovu, wamenipotezea kazi, wamenivunjia heshima, na wanipe mtihani mwingine bure. Kuinuka kwangu sikukutaja. Mimi ninayewafundisha watoto kwamba kuficha nusu ya ukweli ni sawa na kusema uongo, niliiruka ile sehemu kama mtu anavyoruka dimbwi.

Siku ya tatu jibu likaja. Walisema, kwa adabu, kwamba rekodi inaonyesha mtahiniwa alitoka mbele ya kamera kabla ya kumaliza, na kwa mujibu wa kanuni mtihani wa bure hautolewi.

Niliona aibu sana. Sikumwambia hata mume wangu. Kwa siku nzima nilizunguka na jibu lile kwenye simu, na jioni nikashuka kwa jirani yangu wa chini. Ni mama kutoka Machakos, mstaafu, aliyekuwa katibu muhtasi wizarani kwa miaka thelathini. Nilimkuta anachagua maharagwe kwenye sinia. Akavaa miwani, akasoma barua yangu, kisha akasoma jibu lao.

"Mwalimu," akasema, "hii barua iko na hasira mingi sana, na haina saa hata moja."

"Nilikuwa na uchungu, Mama."

"Uchungu sawa. Lakini huyo mtu wa ofisi hakujui. Yeye iko na faili tu mbele yake. Sasa niambie, ulitoka ama hukutoka?"

Nikainamisha uso. "Nilitoka."

"Kabla sauti ipotee, ama baada?"

"Baada. Tena baadaye sana. Adhana ilikuwa imeshaisha."

Akaweka sinia chini. "Adhana gani?"

Nikamweleza. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi asiyejua kwamba jibu analo mkononi mwake mwenyewe.

"Si hiyo kompyuta ilikuwa inarekodi wewe na sauti ya chumba? Basi adhana iko ndani ya rekodi yao. Na hapo wewe umekaa kwa kiti. Lete hiyo laptop."

Tuliandika pale mezani kwake. Juu kabisa akataka jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kujiandikisha, namba ya kesi waliyonipa, na tarehe. Kila saa tuliyoitaja akasisitiza niandike ni saa za Nairobi. Neno "mbovu" akalifuta. Nilipoandika kwamba wamenivunjia heshima, akauliza, "Hiyo itamsaidia kutafuta nini?" Nikaifuta mwenyewe.

Kwenye kuinuka nilikwama. Nilimwambia labda tuseme nilijisogeza tu.

"Ameshaona umetoka. Mwambie wewe mwenyewe, halafu umwambie ni saa ngapi."

Barua tuliyotuma ilikuwa kwa Kiingereza, lakini kiini chake kilikuwa hiki: "Katika barua yangu ya kwanza sikueleza kwamba niliinuka. Ni kweli niliinuka, na samahani kwa kutolitaja. Lakini sauti ya mtihani ilikuwa imekatika kabla. Ujumbe wangu wa kwanza kwa msimamizi unaonyesha saa yake, na alinijibu nisubiri. Wakati huo huo, katika rekodi mtasikia mwito wa sala kutoka nje. Mtaniona nimekaa mpaka umalizike. Naomba mlinganishe saa hizo na kumbukumbu za mtambo wenu. Mkiona hitilafu ilianza upande wenu, naomba nirudie mtihani bila malipo. Cheti nakihitaji kabla mwezi haujaisha."

Basi. Hakukuwa na laana, wala kubembeleza.

Nilipobofya kutuma, nilijisikia mwepesi kuliko nilivyotarajia, hata kabla ya kujua watasema nini. Nikamsaidia mama yule kumalizia maharagwe.

Walichukua siku nne. Mtu mwingine, si yule wa kwanza, aliandika kwamba wamepitia upya ujumbe, rekodi na kumbukumbu za mtambo. Sauti ilikatika upande wao, na ilikatika kabla sijainuka. Kutoka mbele ya kamera bado ni kosa, akaniomba nisirudie, lakini si kosa hilo lililouharibu mtihani. Chini akaweka msimbo wa kujiandikisha upya bila malipo, na tarehe ya mwisho wa kuutumia.

Nilishuka ngazi mbio, na si umri wa kukimbia ngazi ule. Jirani akasoma, akasema tu, "Sasa umejibiwa na mtu aliyesoma barua yako," akanikaribisha chai.

Nilirudia mtihani wiki iliyofuata. Safari hii ile mada ilikuwa ya reli za zamani, na sauti haikukatika. Cheti kilifika siku mbili kabla ya mwezi kwisha, na alama zilitosha. Za kuandika ndizo zilizokuwa za juu kuliko zote.

Sasa asubuhi nafundisha madrasa, na alasiri nakaa chumbani nikiwa na hedifoni, nikiwatafsiria watu nisiowajua. Juzi mwanamke mmoja alikuwa anajaribu kumweleza daktari wake wa ng'ambo maumivu ya mgongo. Alianza kwa hasira, akisema hakuna anayemsikiliza. Nilitafsiri hasira yake neno kwa neno, maana ndiyo kazi. Daktari akamuuliza maumivu yalianza lini, naye akatulia, akaanza kukumbuka.