Skrini Kubwa ya Jelagat

Kiarie alikuwa na wivu, tusimfichie. Si ule wivu mdogo wa kumwona jirani na viatu vipya, la. Huu ulikuwa unakula naye na kulala naye. Alikuwa akipanga herufi za kadi za harusi na programu za mazishi katika duka la uchapaji la Mzee Kinyanjui, hapa Eldoret, tangu enzi za vibonge vya risasi vilivyopangwa kimoja kimoja kwa mkono. Halafu mwaka wa tisini akaja Jelagat kutoka Kesses, juzi juzi tu ametoka kujifunza kompyuta, na wateja wakaanza kuuliza mlangoni, "Yule msichana yuko?" Ai! Roho ikamchoma. Mbaya zaidi, Mzee alikuwa karibu kufungua duka la pili, na mmoja kati yao ndiye angepewa kulisimamia.

Mzee alipotaka kununua skrini mpya, alimwita Kiarie. "Wewe ndiye unaelewa hivi vitu. Chagua yako na uchague ya Jelagat."

Na kweli alielewa. Kompyuta huchora kila herufi kwa nukta ndogo ndogo. Ile ya Jelagat iliweza nukta mia sita na arobaini kwa upana, basi. Uipe skrini ya inchi kumi na nne au ya inchi ishirini, nukta ni zile zile, zinanenepa tu. Ukikaa karibu na skrini kubwa namna hiyo, utaona kila nukta, na herufi zitakuwa na ngazi ngazi pembeni. Kwa hivyo Kiarie akajichagulia skrini ndogo ya inchi kumi na nne na kuongezea kompyuta yake kadi ya ndani, ile inayochora nukta, ya elfu moja na zaidi. Ukikaa umbali wa mkono, herufi zake zilikuwa laini tu. Kwa Jelagat akachagua lile dude la inchi ishirini, na kadi ya zamani ya kompyuta yake akaiacha vile ilivyokuwa. Akalibeba mwenyewe mpaka mezani kwa msichana na kulisogeza karibu na pua yake.

"Kubwa ni yako, mimi nimebaki na kadogo," akasema akicheka. "Nani kama wewe?"

"Asante, Kiarie. Mungu akubariki," Jelagat akajibu. Maskini, alimaanisha.

Wiki mbili nzima msichana alifanya kazi akifikicha macho. Koma alizidhani vituo, akasogeza kiti nyuma hadi vidole havikufika kwa kibodi. Kiarie alimtazama kwa pembe ya jicho, na chai ikamshuka vizuri.

Siku moja Mama Apiyo alikuja kuagiza kadi za harusi ya binti yake. Miguu ilikuwa inamsumbua, akaketi kwa benchi kule ukutani, kama mita mbili kutoka kwa skrini. "Hapo sasa!" akasema. "Naona jina la mtoto wangu safi kabisa."

Safi? Jelagat akainuka, akaenda kuketi kando yake. Lo! Nukta zilikuwa zimeyeyuka. Jioni hiyo akamwomba fundi wa redio, Wamalwa, arefushe waya wa kibodi. Kuanzia kesho yake akawa anakaa kwa benchi na wateja, kibodi mapajani. Wao wanasema ua lipande juu, jina liwe nene, na linafanyika wakiona. Kwa Kiarie, kutoka kwa lile benchi, waliona siafu tu. Nukta zake zote nyembamba zilikuwa za bure kwa mtu aliyekaa mbali. Angewasimamisha wangapi begani mwake? Wateja wakahama wote.

Mzee akaja kuona. Akaketi kwa benchi, akatikisa kichwa kwa furaha. "Jelagat, hii akili umeitoa wapi? Nadhani duka jipya limepata mwenyewe."

Kiarie hakuweza kumeza hiyo. "Mzee, si yeye! Skrini nilichagua mimi!" Na maneno yakamwagika, kwamba skrini ya ukubwa huo, kwa nukta hizo, ni ya kutazamwa kutoka mita mbili, hesabu alipiga yeye kabla haijanunuliwa, huyu amebahatisha tu. Alieleza vizuri, bila kosa hata moja.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ulijua akiketi pale mezani ataziona hizo nukta."

"Ndio, Mz..."

Jelagat alikuwa ameweka kibodi chini. "Na kila asubuhi ulikuwa unaniuliza kama macho bado yananiuma," akasema. "Mimi nilidhani unanihurumia."