Sifuri Iliyokataa

Kiburi changu ndicho kilichonichagulia swali. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, niko mazoezini katika shule ya wasichana karibu na Oyugis, na mkaguzi kutoka chuoni alikuwa ameketi dawati la nyuma na fomu yake. Ulikuwa ukaguzi wa mwisho; nikifeli, narudia mazoezi yote. Mtu mwenye akili angefundisha kitu rahisi. Mimi nikaandika ubaoni: 6/(x − 2) > 3.

"Tunazidisha pande zote mbili kwa x toa 2," nikasema kwa madaha. Ikawa 6 > 3x − 6, kisha x < 4. Nikajaribu 3: sita kugawanya kwa moja ni sita, na sita inazidi tatu. Nikapiga mstari chini ya jibu. Mkaguzi akaandika kitu, nami nikajisikia bingwa, Mungu anisamehe.

Msichana wa safu ya mbele akainua mkono. Mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na pale mnunuzi hamwamini mtu: hutia mkono hadi chini ya rundo, maana juu kila muuzaji hupanga zile nzuri.

"Mwalimu, hiyo 3 ni ya juu," akasema. "Mimi nimechota huko chini, nikatoa zero. Aki ya Mungu imekataa."

Sifuri ni ndogo kuliko nne, sawa. Lakini sita kugawanya kwa hasi mbili ni hasi tatu, na hasi tatu haijawahi kuizidi tatu. Darasa likaangua kicheko. Nilitamani kumwambia akae, aniulize baadaye.

"Si ulikuwa unatutega, mwalimu?" kiranja wa darasa akanirushia kamba. "Ulitaka kuona kama tumelala."

Mkaguzi akainua kichwa. Kamba ilikuwa tamu, nakiri.

"Hapana," nikasema. "Nimekosea."

Nikafuta ubao na kuanza upya. Hiyo x − 2 hatujui kama ni chanya au hasi. Ikiwa chanya, ukizidisha, alama ya "kubwa kuliko" inabaki ilivyo. Ikiwa hasi, inageuka: 5 inaizidi 2, lakini −5 haiizidi −2. Mimi nilizidisha bila kuuliza.

Basi tukaifanya mara mbili. x ikizidi 2, twapata x < 4. x ikiwa chini ya 2, alama inageuka, twapata x > 4.

"Nani yuko chini ya mbili na papo hapo juu ya nne?"

"Hakuna!" wakapaza sauti.

Na 2 yenyewe hairuhusiwi, kwa kuwa hakuna kugawanya kwa sifuri. Jibu likawa kati ya 2 na 4 tu.

Nje ya darasa nilimsubiri mkaguzi. Akanionyesha fomu. Penye "usahihi wa somo" palikuwa na tiki nene.

"Niliiweka kabla yule msichana hajainua mkono," akasema, akikwepa macho yangu. "Umepita. Rudi ukamshukuru. Mshukuru na kwa niaba yangu."