Nusu Senti Ndani ya Wimbi la Kwanza

Katika chama cha wakulima wa kahawa walimwita Bi Mawimbi, na jina hilo lilimkera kila siku ya Mungu. Kazi yake ilikuwa kusoma chati ya bei ya dunia na kumwambia meneja lini mzigo utoke ghalani. Alihesabu mawimbi: bei ikipanda kwa nguvu huenda hatua tano, tatu za kupanda na mbili za kurudi kati yake. Ubaya ni kwamba hakuna anayekuonyesha hatua ya kwanza imeanzia wapi. Wape watu watatu chati moja na penseli tatu, watakurudishia hesabu tatu na ugomvi juu.

Mwaka uliopita alikuwa amefuta hesabu yake mara nne. Kila bei iliposhuka alibandika namba upya na kuandika, "Subirini, wimbi la tano bado." Walisubiri mpaka bei ikawa ya kutupa. Magunia ya dada yake mkubwa yalikuwa humo ghalani. Dada hakumgombeza. Aliacha tu kumuuliza habari za bei, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Ndiyo maana mwaka huu alitupa kifutio na kuandika kwa wino ukutani, pembeni ya chati: "Wimbi la kwanza limeishia senti mia themanini na mbili. La nne likishuka chini ya hapo, hesabu imekufa, tunauza." Sheria zenyewe ni tatu tu. Wimbi la pili lisirudi chini ya mwanzo wa la kwanza. La tatu lisiwe fupi kuliko la kwanza na la tano. La nne lisiingie eneo la la kwanza. Mengine yote ni maoni, na maoni yalishamtoa jasho vya kutosha.

Jumanne asubuhi bei iligusa mia themanini na moja na nusu, kisha ikarudi juu kidogo.

Meneja aliingia na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya ukuta. "Nusu senti tu, Bi Mawimbi! Nusu senti nayo ni kitu?"

"Imeingia, mzee."

"Nimeshawaahidi wanachama bei itapanda. Si ulisema kuna wimbi la mshazari, lile ambalo la nne linaruhusiwa kuingia kwa la kwanza?"

Bi Mawimbi alijuta siku aliyomfundisha. "Mshazari mistari yake, wa vilele na wa mabonde, hukaribiana, mzee. Wimbi letu la tatu ni refu mara mbili ya la kwanza. Mistari inaachana, hiyo hapo, iangalie mwenyewe!"

"Basi anza kuhesabu kutoka Machi."

"Nianzie Machi, kesho Januari, keshokutwa siku uliyozaliwa?" Sauti ilimpanda mpaka karani wa chumba cha pili akaacha kupiga muhuri. "Mwaka jana nilikusikiliza wewe na nikajisikiliza mimi. Ukuta unasema tuuze."

Meneja alinung'unika, akaweka sahihi kwenye hati ya mauzo. Mzigo ukatoka siku hiyohiyo.

Na bei ile, kwa ukorofi wake, wiki iliyofuata ikapanda ikapita mia mbili na ishirini. Meneja alikuwa akipita mlangoni anakohoa tu, na kila kikohozi kilimchoma Bi Mawimbi kama sindano. Alitamani kumrushia rula. Sheria ilisema hesabu yake imekufa, haikusema bei itashuka, lakini nenda kawaeleze hivyo wanachama waliouza mapema.

Ijumaa mchana dada alipiga simu. Bi Mawimbi aliitazama ikiita mpaka karibu ikatike.

"Magunia yangu yametoka kabla bei haijapanda," dada alisema.

"Ni kweli, dada. Mimi ndiye niliyesema yauzwe."

"Sasa hili linalopanda ni wimbi gani?"

Jibu alikuwa nalo, tena zuri. Wimbi kubwa hubeba madogo ndani yake, kwa hiyo kile alichokiita la nne kingeweza kuwa la pili dogo, ndani ya la tatu kubwa ambalo halijaisha. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa, naye anatoka safi kabisa. Penseli ilikuwa mezani. Alichoka ghafla, mwili na roho.

"Sijui, dada."

Aliisukuma penseli hadi ukingoni mwa meza.

"Mwaka jana pia ulikuwa hujui," dada alisema. "Ila hukuniambia."