Kenga Mpima Kadi

Kenga wa Kahindi hakuzaliwa na jicho la kunasa walaghai. Jicho hilo alilipata kwenye mitambo ya chapa, alikofanya kazi tangu ujana wake akipanga herufi na kufuta wino, hata kucha zake zikakataa kurudi rangi yake. Mkewe, Dama, alikuwa akimtania: "Wewe hata wali huuli mpaka uukague." Na hakuwa anamsingizia. Ungempa Kenga kadi ya harusi, angekuambia rangi ya bluu ilitangulia, nyekundu ikafuata, na aliyekata pembe alikuwa anasinzia. Hakusoma majina ya maharusi kamwe.

Duka la chapa lilipofungwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, akapata kazi kwenye kampuni moja iliyouza kadi za simu za kukwaruza. Wakati huo kadi hizo zilikuwa jambo geni. Mtu ananunua kadi, anakwaruza ule ukanda wa fedha kwa ukucha, tarakimu za siri zinatokea, kisha anazibonyeza kwenye simu yoyote ya mezani na kuongea na jamaa zake Maskati au Jeda hadi kadi iishe. Mji wa Kale wote ulizipenda. Ni nyumba gani pale isiyo na mtu Arabuni?

Na penye asali hapakosi nyuki. Watu walianza kukwaruza kadi kwa siri, kunakili tarakimu, kisha kupaka rangi ya fedha juu na kumuuzia mtu kadi iliyokwisha kuliwa. Wengine walitengeneza kadi bandia kabisa. Kazi ya Kenga ikawa ni kupima: hii ni nzima, hii imechezewa, hii ni ya kughushi. Lakini kadi zenyewe hakuzipata. Wauzaji walitapakaa kutoka Mwembe Tayari hadi Feri na ng'ambo ya Likoni, na kadi yenye mzozo ilibaki kwa wakala au kituo cha polisi, maana ni kidhibiti. Kilichomfikia Kenga mezani, huko juu ghorofani, ni picha zake ndani ya bahasha.

Kwa hiyo aliweka sharti, na sharti lilikuwa zuri. Kila kadi ipigwe picha zaidi ya moja. Moja ya uso mzima. Moja ya karibu kwenye nambari ya mfululizo, ili aone kama tarakimu zimepangika sawa na kama wino wake ni ule ule wa kiwandani. Na moja, hiyo ndiyo mama yao, ipigwe taa ikiwa ubavuni, mwanga ulale juu ya kadi. Mwanga wa ubavuni hausemi uongo. Rangi iliyopakwa upya itaonekana imevimba, itavuka mpaka wake, na chini yake mikwaruzo ya kwanza itatoa vivuli. Zaidi ya hayo, juu ya ukanda wa fedha kiwanda huchapa vistari vyembamba kama nywele. Fundi wa uchochoroni akipaka rangi yake, vistari hivyo hawezi kuvirudisha. Vikikatika, kadi imeguswa. Vikiwa vizima, mwache mtu na duka lake.

Basi siku moja ikaja bahasha ya Hanin binti Ayman.

Hanin alikuwa mjane mwenye duka dogo Kibokoni, akiuza udi, mafuta ya halud, kanga, na hizo kadi. Babake, Mzee Ayman, ndiye aliyemwachia duka alipoishiwa nguvu za miguu. Mzee huyo alijulikana mtaa mzima kwa jambo moja: hakupata kumpunja mtu. Akikosea mizani alitoka jua la saa sita kumtafuta mteja. Sasa wateja wa binti yake walikuwa wakilalamika kwamba wanakwaruza kadi, tarakimu zinatoka zimemeguka, haijulikani hii ni tatu au nane. Wanabahatisha, simu inakataa, mwisho kadi inafungwa. Mmoja wao alikwenda polisi. Polisi wakabeba kadi zote na mwenye duka pia.

Kenga akazimwaga picha mezani, akashika kioo chake cha kukuzia. Nambari za mfululizo hazikuwa na dosari: nafasi sawa, wino sawa. Hizi si kadi bandia. Lakini ule ukanda wa fedha, loo! Ulikuwa umefifia, una mawimbi, kingo zimejikunja. Na vistari havikuonekana. Kwenye kadi zilizokwaruzwa, tarakimu zilikuwa zimeng'oka pamoja na ukanda, kama mahali palipokwaruzwa mara mbili.

Akatafuta picha ya taa ya ubavuni. Ilikuwepo, lakini mpiga picha alitikisika. Ilikuwa ukungu mtupu. Picha za uso zote zilipigwa taa usoni, weupe umemwagika katikati ya kadi pale pale vistari vinapokaa.

Kenga alijua. Hilo lisemwe wazi. Alijua kwamba mstari usioonekana kwenye picha si lazima uwe haupo kwenye kadi. Akaenda kwa meneja wake, Barnabas Nasipwondi, mtu asiye mbaya ila simu za Nairobi zilimkosesha usingizi.

"Bwana Barnabas, nataka picha nyengine. Hizi zimepigwa ovyo."

"Kenga, ndugu yangu, Nairobi wanangoja tangu asubuhi. Polisi wanangoja. Wewe umezitazama, sivyo? Ule ukanda uko sawa?"

"Hauko sawa."

"Kiwanda kinaweza kutoa ukanda wa namna hiyo?"

"La. Hakiwezi."

"Basi kuna nini tena?"

Hapo ndipo mtu angesimama. Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa madrasa anaijua hiyo. Lakini Kenga alikuwa na fahari ya jicho lake, na jicho likishasifiwa sana hujiona limeshaona yote. Akarudi mezani akaandika: *Zimekwaruzwa, zikapakwa upya.* Akatia sahihi, akaenda kula.

Hanin akafunguliwa mashitaka. Kwa kuwa mtaalamu wa kampuni alishasema, hata jamaa zake walinyamaza. Angeweza kutoka kwa dhamana, lakini ilihitajika mtu wa kumdhamini, na Mzee Ayman alikataa kata kata. "Mwanangu akiwa hakuiba, Mungu atamtoa. Akiwa ameiba, mimi nisimame mbele ya watu niseme nini?" Hanin akabaki rumande.

Habari hizi Kenga alizipata kwa Dama, aliyekuwa akishuka Mji wa Kale kununua samaki.

"Yule mzee haendi tena msikitini," Dama alisema siku moja akiparua samaki. "Anaswali ndani. Duka limefungwa, mlango umetupiwa matope. Kenga, una hakika na zile kadi?"

"Nimeziona."

"Nimekuuliza una hakika."

"Mke wangu, mimi nakufundisha kuparua samaki?"

Kenga usiku huo hakula vizuri, akasingizia tumbo.

Kesi ilichukua muda, kama kawaida ya kesi. Ilipofika, Kenga akaitwa kutoa ushahidi. Alivaa koti lake moja la heshima. Hanin alikuwa kizimbani, buibui lake limechujuka, amekonda hata mashavu yameingia ndani. Hakumtazama Kenga kwa chuki. Alimtazama kama anavyotazamwa daktari.

Kenga akasema aliyoyaandika. Kisha mwendesha mashitaka, afisa wa polisi mwenye haraka zake, akampa mfuko wa nailoni. "Ionyeshe mahakama katika kadi yenyewe."

Ndiyo mara ya kwanza Kenga kuzishika.

Akatoa moja, akaigeuzia dirishani, mwanga ukalala juu yake. Na vistari vikajitokeza. Vyote. Vyembamba, vizima, kutoka ukingo hadi ukingo, chini ya utando wa rangi ya chai. Akatoa ya pili. Vizima. Ya tatu. Vizima. Akapitisha kidole: hakuna rangi iliyopakwa, ila ukanda ulikuwa laini, unanata, umejikunja kwa joto. Akainusa.

"Shahidi," hakimu akasema, "tumekuita uonyeshe, hatukukuita unuse."

Watu wakacheka. Kenga hakucheka. Ubani. Kadi ilikuwa inanuka ubani na udi, hata baada ya miezi yote ile ndani ya nailoni. Na picha, hata ipigwe na bingwa gani, haina harufu.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba mshitakiwa aulizwe kadi alikuwa akiziweka wapi."

Hakimu akamgeukia Hanin.

"Kabatini," Hanin akajibu. "Asubuhi nazifukiza, kisha naziweka kabatini."

"Unazifukiza vipi?"

"Kama bidhaa zote, Mheshimiwa. Natia chetezo cha makaa na ubani chini ya tenga la kufukizia nguo, naziweka juu na kanga. Babangu alifukiza duka miaka yake yote. Biashara haifunguliwi hivi hivi."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

Hanin akashangaa kweli. "Hakuna aliyeniuliza. Kufukiza ni jambo la kusemwa? Ni kama kufagia."

Kenga akaeleza yote bila kujificha. Kwamba moshi ulijenga utando ukaufifisha ukanda. Kwamba joto la makaa liliyeyusha ile vanishi nyembamba inayolinda tarakimu, ukanda ukagandamana nazo, ndiyo maana mteja akikwaruza anazing'oa. Kwamba hakuna aliyezikwaruza kabla, wala aliyezipaka. Kwamba picha alizopewa hazikutosha kupimia, naye alijua hazikutosha, akaandika.

Kesi ikafutwa siku ile ile.

Barnabas, aliyekuwa amekuja kusikiliza kesi, alimpita Kenga mlangoni haraka haraka. Shauri yake. Kenga alikuwa na jambo moja tu kichwani: kumfikia yule mwanamke, kumwomba radhi, na akikubali, waongozane Kibokoni akajieleze mwenyewe mbele ya Mzee Ayman. Angesimama barazani mchana kweupe, majirani wote wasikie. Hilo angeweza kulifanya, na alilitaka sana.

Alimkuta ameketi kwenye ngazi za mahakama, mfuko wake wa rumande pajani. Hakuna aliyekuja kumpokea.

"Bi Hanin, mimi ndimi Kenga. Nimekukosea, tena kosa kubwa. Nipeleke kwa babako nikamwambie kwa kinywa changu."

"Babangu tumemzika," Hanin alisema. Kisha akajirekebisha. "Wamemzika. Jumapili. Mimi niliambiwa Jumatatu."

Kenga akaketi ngazi ya chini yake.

"Alikuja rumande kuniona mara moja tu," Hanin akaendelea, taratibu, kama anayeongea na nafsi yake. "Wajukuu walimshika huku na huku. Hakuniuliza kama nimeiba. Aliniuliza, 'Huyo mtu wa kampuni, kadi amezishika kwa mikono yake, akaziona kwa mato yake?' Nami nilikuwa nimeambiwa kuna bingwa amezipima. Nikamwambia, 'Naam, baba, amezishika.'"

Akainuka, akaupangusa mfuko vumbi.

"Basi akanigeuzia mgongo, akaenda zake."