Insha za Mvua

Tulikuwa walimu sita wa Kiswahili, wengine wa Kibera, wengine wa Kawangware, tumejifungia darasa moja Riruta na marundo ya insha za mtihani wa pamoja. Mada ilikuwa mvua kubwa. Rubriki moja ya vigezo vya kusahihishia kwa wote, hakuna anayesahihisha shule yake, na kila insha ipewe maoni ya mstari mmoja. Kufikia mchana mkono wangu ulikuwa ukiandika wenyewe: "Kazi nzuri, ongeza methali."

Katika insha hizo kila mtoto aliamka jua likichomoza na ndege wakitumbuiza, hata penye mafuriko. Nilichoka na hao ndege. Nilitamani hata mmoja anyeshewe.

Kisha nikafungua insha ya mtoto wa Silanga, kule Kibera, nusu ukurasa tu. Maji yaliingia ndani, mama akawapandisha watoto mezani. "Meza ilitutosha sisi. Mama alisimama kwa maji mpaka asubuhi akitushika miguu."

Hakukuwa na methali wala tashbihi, na kigezo cha lugha ya kuvutia kilihesabu hizo tu. Kwa rubriki, mtoto huyu alikuwa kiwango cha Chini ya Matarajio. Niliona haya kuandika maneno hayo, kwa kuwa ndiyo mzazi wake angesoma kwenye ripoti.

"Madam, hii haiwezi kuwa chini," nilimwambia mwenyekiti wetu, mama wa Machakos asiyeyumbishwa.

"Mwalimu, si tulikubaliana asubuhi? Ukimwonea huyu huruma, na wale wengine?"

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

"Sawa. Kila mtu aseme sentensi moja anayokumbuka tangu tuanze," nikasema.

Wakaanza kupekua marundo yao. Mmoja alijikuna kichwa. Nikawasomea ile ya meza na mama. Madam alivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake.

"Basi kigezo ndicho kibaya," alisema. "Lakini tukikibadilisha, ni cha wote. Kila rundo linarudiwa."

"Aki mwalimu, umetuchomea!" akalalamika jirani yangu. "Na vile nilikuwa nimebakisha kidogo!"

Tuliandika kigezo kipya: lugha inamfanya msomaji aone tukio. Tukajaribu insha tatu pamoja hadi sote tukatoa kiwango kimoja, kisha kila mtu akarudi kwa rundo lake. Mtoto wa Silanga alipanda hadi Kufikia Matarajio. Mgongo uliniuma, macho yaliwasha, lakini nilifurahi.

Baadaye yule jirani akainua karatasi.

"Hizi si za shule yenu? Zilikuwa juu kabisa. Sasa zinaanguka karibu zote."

Zilijaa misemo niliyowakaririsha muhula mzima. Walikuwa wamefanya kila kitu nilichowafundisha.

"Nishushe?" aliuliza. Madam naye alikuwa akinitazama.

"Shusha," nikasema.